Tanuri jipya limetoka wapi? Kukagua mapendekezo yasiyotokana na uchambuzi wa kesi

"Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili ya biashara, mwaka wa kwanza. Kwenye kesi ya kiwanda cha mikate nimepata alama nzuri upande wa uchambuzi, lakini pembeni ya mapendekezo msahihishaji ameandika kwa kalamu nyekundu: 'Yametoka wapi?' Nimeyasoma mara tatu na kwangu yanaonekana ya maana kabisa. Nimekutumia kesi na jibu langu. Nijikague vipi kabla ya kukabidhi?"

Marahaba, mwanangu. Nimeanza na kesi, kisha nikasoma jibu lako, na kuna jambo moja nakubaliana nawe: mapendekezo yako ni ya maana. Kununua tanuri jipya, kufungua tawi Dodoma, kutangaza mitandaoni, kuwapa wafanyakazi mafunzo. Hakuna hata moja ambalo mwenye kiwanda angelisikia akacheka. Ndiyo maana huoni kosa. Unalisoma kila pendekezo peke yake na kujiuliza kama ni wazo zuri, nalo linakuitikia kuwa ni zuri. Msahihishaji hakuuliza uzuri. Kauliza asili, na asili ya pendekezo iko kwenye kurasa zilizolitangulia.

Nieleze kesi kwa ufupi, kwa ajili ya wasomaji wengine. Kiwanda kiko Morogoro. Kila siku kinaoka mikate 4,400. Mikate 4,000 inauzwa, 400 inarudi jioni na kutupwa. Mkate unauzwa kwa maduka sh. 1,000, na unga, hamira, sukari, mafuta, mfuko na moto wake vinagharimu sh. 700. Gharama za kudumu, yaani mishahara, pango, magari na mengineyo, ni sh. milioni 21.6 kwa mwezi. Kinachobaki ni faida ya sh. milioni 6, nayo imekuwa ikishuka. Tanuri lililopo lina uwezo wa mikate 6,000 kwa siku. Nusu ya mauzo huenda kwa maduka ya mitaani yanayolipa papo hapo, nusu nyingine kwa supamaketi na shule za bweni zinazolipa baada ya siku 45, wakati muuza unga anataka fedha yake ndani ya siku 15.

Haya yote uliyaona na ukayahesabu vizuri. Uliandika kwamba tanuri linatumika kwa asilimia 73. Uliandika kwamba mikate inayorudi inakula sh. milioni 8.4 kwa mwezi. Uliandika hata kwamba kiwanda kinakosa fedha taslimu mwisho wa mwezi kwa sababu ya wadaiwa. Kisha ukafungua ukurasa mpya wenye kichwa cha mapendekezo, na pendekezo la kwanza likawa: kiwanda kikope sh. milioni 80 kinunue tanuri la kuoka mikate 9,000.

Sasa jikague hivi. Soma jibu lako kutoka nyuma kwenda mbele. Chukua pendekezo la kwanza, liandike kwenye karatasi ya pembeni, kisha uandike mbele yake "kwa sababu" na umalizie sentensi kwa maneno yaliyomo kwenye uchambuzi wako, ukitaja na ukurasa. Usiongeze neno jipya. Hapo ndipo penye kazi yote, kwa sababu kichwani mwako sababu ipo na itataka kujitokeza. Tulipojaribu la tanuri tulipata hivi: "Kiwanda kinunue tanuri la mikate 9,000 kwa sababu tanuri lililopo linatumika kwa asilimia 73." Isome kwa sauti. Hata mtoto anayetumwa dukani ataona kwamba mwenye ndoo isiyojaa hahitaji ndoo kubwa zaidi. Pendekezo hili halijakosa tu mzazi, linapingana na namba uliyoiandika mwenyewe kurasa tatu nyuma. Na kwa kuwa umesema likopwe, linagongana pia na ulichosema juu ya uhaba wa fedha taslimu, maana marejesho ya mkopo yatadaiwa mwisho wa mwezi uleule ambao mfuko unakuwa mtupu.

Lakini usikimbilie kulifuta, maana hapa wanafunzi wengi hudhani kwamba pendekezo lenyewe ndilo lenye kosa. Nilikuuliza kwa nini ulilifikiria tanuri, ukanijibu kwamba kesi inasema ni la zamani na linakunywa dizeli sana. Haya basi, hiyo ni hoja nyingine kabisa, na haimo katika jibu lako. Tuseme kiambatisho kingeonyesha kwamba tanuri jipya linaokoa sh. 20 za mafuta kwa kila mkate. Kwa mikate 4,400 hizo ni sh. 88,000 kwa siku, karibu sh. milioni 2.64 kwa mwezi. Gharama ya milioni 80 ingerudi baada ya miezi 30 hivi, kabla ya kuhesabu riba. Hapo pendekezo lingekuwa na mguu wa kusimamia, na wala usingehitaji lile la mikate 9,000, dogo lingetosha. Kwa hiyo pendekezo lilelile laweza kufuata au lisifuate, kutegemea umelifunga kwenye kamba ipi. Kinachokaguliwa ni kile kifundo.

Twende kwenye la mafunzo, maana hili ni gumu zaidi kulikamata. Uliandika: "Wafanyakazi wapewe mafunzo ya ubora ili kupunguza mikate inayorudi." Ukilipitisha kwenye jaribio la "kwa sababu" linaonekana kupita, kwa kuwa mikate inayorudi umeizungumzia kweli na kuihesabu. Shida ni kwamba pendekezo linagusa tatizo ulilolitaja lakini linatibu chanzo ambacho hukukionyesha. Mafunzo ya ubora yanatibu ubora duni. Ni wapi kwenye uchambuzi ulionyesha kwamba mikate inarudi kwa sababu ni mibaya?

Hukuonyesha, na kesi inasema vingine. Rudi kwenye kiambatisho cha mwisho, lile jedwali la njia za usambazaji. Kiwanda kina njia tatu: Kihonda, Mazimbu na Mzumbe. Kati ya mikate 400 inayorudi, 280 inatoka njia ya Mzumbe peke yake. Mikate yote imetoka tanuri moja, imekandwa na mikono ileile. Ingekuwa ni ubora, ingerudi kutoka pande zote kwa kadiri ya mauzo yake. Tena maelezo chini ya jedwali yanasema kwamba kirikuu ni moja, inamaliza mjini kwanza, na Mzumbe inafika saa nne asubuhi. Saa nne watu wameshakunywa chai. Mwenye duka anapokea kreti zake kwa kuwa ndio mgao wake, zinakaa, jioni anazirudisha.

Kumbe kwa mikate 280 chanzo ni saa, wala si unga. Pendekezo linalotoka hapo ni kwamba njia ya Mzumbe ipate chombo chake alfajiri. Tuseme bajaji ya mizigo inakodiwa kwa sh. 25,000 kwa siku, na mikate inayorudi kutoka Mzumbe inashuka kutoka 280 hadi 100. Mikate 180 isiyotupwa, kwa sh. 700 kila mmoja, ni sh. 126,000 kwa siku. Toa kodi ya bajaji, inabaki sh. 101,000, ambazo kwa mwezi ni karibu sh. milioni 3. Kwa kiwanda chenye faida ya milioni 6, hilo si jambo dogo, na halihitaji benki.

Angalia vilevile kwamba nimetumia 700, sikutumia 1,000. Nimechukua upande wa tahadhari: mkate ambao hauokwi kabisa unaokoa gharama yake tu. Mkate ambao sasa unauzwa badala ya kutupwa unaleta sh. 1,000 nzima, kwa sababu gharama yake ilikuwa inatoka hata hivyo. Ukiandika namba kwenye pendekezo, sema ni ipi kati ya hizo mbili, la sivyo msomaji makini atakuuliza. Na ile 100 niliyoiweka ni makadirio yangu, kesi haikuitoa. Kwa hiyo kwenye jibu ningeandika kwamba kiwanda kijaribu kwa wiki nne na kuhesabu kreti zinazorudi kila jioni, kabla ya kufunga mkataba na mwenye bajaji. Uchambuzi unaosema "huenda" hauwezi kuzaa pendekezo linalosema "lazima". Hilo nalo ni kosa la kutofuata, ingawa mada ni ileile na mwelekeo ni uleule: pendekezo limezidi nguvu ya ushahidi.

Nikwambie kilichonifundisha hili, maana sikuzaliwa nalo. Nikiwa kijana tuliandika ripoti kwa ushirika mmoja wa wafugaji wa maziwa. Pendekezo kuu lilikuwa tangi la kupozea litakalowekwa kwenye kituo cha kukusanyia. Lilikuwa kwenye ripoti yetu ya mwaka uliopita kwa ushirika mwingine, na sikumbuki hata kama tulijiuliza upya. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa akisoma kwa kidole, alirudi ukurasa wa saba akatusomea sentensi yetu wenyewe: maziwa mengi yanaharibika njiani kabla ya kufika kituoni. Akainua macho akauliza, "Sasa hili tangi la hapa litayapoza yakiwa bado barabarani?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila ripoti naianza kwa nyuma, kidole mkononi.

La kutangaza mitandaoni ni la aina nyingine. Mzazi wake uliniambia ni sehemu ya fursa kwenye jedwali lako la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, ulipoandika kwamba "matumizi ya mitandao ya kijamii yanaongezeka." Jaribu kitu hiki: futa neno kiwanda cha mikate, weka saluni, shule ya chekechea, au kampuni ya mabasi. Sentensi bado ni ya kweli. Sentensi ambayo ni ya kweli kwa kila biashara haijachambua biashara hii, na pendekezo lililozaliwa nayo lina mzazi wa jina tu. Majedwali ya namna hii ndiyo yanayozalisha mapendekezo yatima kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu yana visanduku vinne na kila kisanduku kinataka kujazwa.

Ila nikutendee haki. Kuongeza mauzo hakupingwi na uchambuzi wako, kinyume cha tanuri. Tanuri lina nafasi ya mikate 1,600 zaidi kwa siku, na kila mkate unaouzwa unaacha sh. 300. Ukiuza 1,000 zaidi kila siku, hizo ni sh. milioni 9 kwa mwezi, nyingi kuliko ile akiba ya bajaji. Kwa nini basi hukupewa alama? Kwa sababu kati ya "tuna nafasi kwenye tanuri" na "tutangaze Instagram" kuna daraja ambalo halikujengwa. Liandike hilo daraja kama sentensi kamili: "Watu hawanunui mkate wetu zaidi kwa sababu hawaujui." Sasa litafute kwenye kesi. Halipo. Kilichopo ni kwamba wanaonunua kutoka kiwandani ni maduka, supamaketi na shule, na hao kiwanda wanakijua vizuri. Ungepata kiambatisho kinachoonyesha kwamba maduka ya Kihonda yanaishiwa mkate saa mbili asubuhi, ungekuwa na daraja, lakini lingekupeleka kwenye kuongeza mgao wa Kihonda, wala lisingekupeleka kwenye tangazo.

Njia hii ya kuandika daraja waziwazi ndiyo ninayoitegemea zaidi kwa mapendekezo yanayonitia shaka bila kujua kwa nini. Maneno kama "hivyo", "kwa hiyo" na "kutokana na hayo" yana ujanja wa kumfanya mwandishi ajione ameshavuka. Kila unapoyaona kwenye jibu lako, simama, uliza ni sentensi gani ingepaswa kukaa katikati ili mtu asiyekujua akubali, kisha uiandike. Ukikuta kesi inaiunga mkono, iingize kwenye uchambuzi, kazi imekwisha. Ukikuta haiungi mkono wala haikatai, unaweza kupendekeza kiwanda kifanye utafiti mdogo kwanza, useme kipime nini. Ukikuta kesi inaikataa, futa. La Dodoma ni la kundi la katikati: kesi haina hata namba moja ya Dodoma, na ulichonacho ni kwamba mji unakua. Kwa jibu la kurasa nane mimi ningelitoa kabisa. Kulipunguza hadi "kiwanda kifikirie Dodoma siku za usoni" ni kupoteza mstari, hakukupi alama.

Ukishamaliza kwenda nyuma, geuka uje mbele, safari hii ukishika matokeo ya uchambuzi. Kila tokeo kubwa lina pendekezo lake? Hapa ndipo uliponishangaza. Uliandika aya nzuri kuliko zote kuhusu wadaiwa, kisha ukaiacha pale bila mtoto. Nusu ya mauzo ni sh. milioni 2 kwa siku. Kwa siku 45, sh. milioni 90 za kiwanda zimekaa mikononi mwa watu wengine. Tatizo uliloliita wewe mwenyewe "kubwa zaidi kwa uhai wa kiwanda" halikuguswa na pendekezo hata moja kati ya manne. Msahihishaji anaposoma hivyo anajiuliza kama aliyeandika mwanzo na aliyeandika mwisho ni mtu mmoja.

Nilimwona mwanafunzi mwingine akilijibu hili kwa kusema kwamba siku zikipungua hadi 30, kiwanda kitapata sh. milioni 30 kila mwezi. Namba ya milioni 30 ni sahihi, maana ni siku 15 mara milioni 2. Hilo la "kila mwezi" ndilo si sahihi. Fedha hiyo inaachiliwa mara moja tu, siku zinapopungua, na haiingii kwenye faida, kwa kuwa mauzo yake yalishahesabiwa. Inatosha kumlipa muuza unga kwa wakati, haitoshi kuwa sababu ya kuajiri watu wapya. Pendekezo linaweza kutoka kwenye tokeo halali na bado likakosea kwa sababu limechukua fedha ya mara moja kama mapato ya kudumu. Hesabu ni hiyohiyo, kilichobadilika ni maana yake njiani.

Kumbuka pia kwamba shule na supamaketi hazifanani. Shule ya bweni hulipwa ada kwa muhula, hivyo kuiambia ilipe kila baada ya siku 30 bila kujali kalenda yake ni kujitafutia ugomvi. Pengine inafaa kuomba malipo ya awali muhula unapofunguliwa. Supamaketi ina mashine ya kulipa watu kwa tarehe zake na haitabadilika kwa barua moja, lakini inaweza kukubali kulipa mapema ukiipunguzia bei kidogo. Kidogo kiasi gani? Kila sh. 10 unayoipunguza kwa mkate inatoka kwenye zile sh. 300, kwa hiyo hesabu hiyo lazima iwe kwenye uchambuzi kabla pendekezo halijaitaja. Ukikuta namba inaonekana kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa mapendekezo, ichukulie kama mgeni aliyeingia kwa dirishani, umrudishe apitie mlangoni.

Kwenye chumba cha mtihani muda hautakuruhusu kufanya haya yote. Tenga dakika 15 za mwisho, na zote zitumie kwenye safari mbili tu: kila pendekezo kurudi kwenye ukurasa wake, na tokeo lako kubwa kuliko yote kuja mbele kwenye pendekezo lake. Ukibaki na mapendekezo mawili yenye mizizi badala ya manne yanayoelea, kabidhi hayo mawili.

Andika upya la wadaiwa, shule peke yake na supamaketi peke yake, kisha unitumie. Hilo la punguzo la bei nataka kuona umeliweka ukurasa gani.